Makofi Yalipigwa Mapema

Wanafunzi wa sheria waliotuigizia ombi la dhamana katika ukumbi mmoja wa Bondeni mwezi uliopita walimaliza kwa makofi. Mshtakiwa wao, kijana wa kubuni, alikubaliwa dhamana. Wakili wake akainama kwa heshima, watu wakasimama. Lilikuwa onyesho zuri na uzuri wake nitausema. Lakini kwa hesabu yangu kijana yule hakutoka. Kama kesi ingekuwa ya kweli, usiku ule angelala Shimo la Tewa, na usiku uliofuata vilevile, na pengine mpaka kesi yake imalizike. Nataka kuonyesha alipotelea wapi, kwa sababu hakupotelea pale ambapo ukumbi mzima ulishika pumzi.

Kwanza faili. Pande zote mbili zilipewa kurasa nne zilezile, na wasikilizaji tukagawiwa nakala. Kijana ana miaka 23, anapakua magunia Marikiti, na kazi ikiwepo hupata kama shilingi 700 kwa siku. Anaishi Bondeni nyumbani kwa bibi yake. Mashtaka yanasema kwamba usiku mmoja yeye na mwenzake, ambaye hajapatikana, walimzuia jirani kichochoroni, wakamtishia kwa kisu, wakamnyang'anya simu na shilingi 4,000. Katika purukushani jirani alikatwa kiganjani. Siku nane baadaye polisi walikwenda kwa yule bibi alfajiri, wakamkuta kijana amelala. Alipofikishwa mahakamani alikana.

Shtaka ni wizi wa kimabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu. Jina lake linawafanya watu wafikirie bunduki na benki, lakini kifungu chenyewe kina mlango mpana. Mwizi anaingia humo akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake japo mmoja, au akimpiga au kumjeruhi mtu wakati wa wizi au kabla au baada yake kidogo. Moja tu katika haya matatu linatosha. Vijana wawili, kofi moja na simu moja, na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Ndiyo maana waandaaji walilichagua shtaka hili, na walichagua vyema: ni zito kabisa, ni la kawaida katika vichochoro vyetu, na lina dhamana.

Hilo la mwisho ndilo lililomwangusha kiongozi wa mashtaka mapema. Alisimama kwa kujiamini akasema, "Mheshimiwa, kosa hili halina dhamana." Kabla ya Agosti 2010 angekuwa sawa. Katiba ya zamani iliruhusu watu walioshtakiwa kwa mauaji, uhaini, wizi wa kimabavu au jaribio lake kukaa ndani mpaka hukumu. Katiba ya 2010 iliifuta orodha hiyo. Kifungu cha 49(1)(h) kinampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Lakini nakala nyingi za Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai zinazozunguka bado zina maneno yale ya zamani katika kifungu cha 123, na kijana wa watu aliyasoma hayo. Wakili wa utetezi, binti mmoja mwembamba mwenye sauti ya kutulia, alimsahihisha kwa sentensi mbili akaendelea. Hakumcheka. Nilimpenda hapo.

Mjini kwetu jambo hili lina historia yake. Mwaka huohuo wa 2010, katika Mahakama Kuu ya Mombasa, Jaji Mohammed Ibrahim, ambaye mwaka uliofuata alikwenda Mahakama ya Upeo, alitoa uamuzi katika kesi ya mauaji kwamba hata mshtakiwa wa mauaji sasa ana haki ya dhamana, na kwamba anayedai kuna sababu nzito ya kumnyima ni upande wa mashtaka, kwa hiyo wao ndio wa kuithibitisha. Uamuzi huu ulitolewa mwendo wa miguu tu kutoka ukumbini tulipokaa. Hakuna aliyeutaja.

Nasema hivi kwa sababu mpangilio wenyewe wa igizo uliusahau. Utetezi ulipewa dakika kumi na tano za kwanza, mashtaka kumi na tano za pili, kisha hakimu akaamua. Ukiupanga mjadala hivyo umeshamtwika mzigo asiyekuwa mwenyewe. Binti akajikuta anaeleza kwa nini kijana *astahili* kutoka, kana kwamba anaomba hisani: ni mtulivu, anamlea bibi mgonjwa, anaswali. Kortini mambo huenda vingine. Wakili husimama na kuomba dhamana kwa sentensi chache. Hakimu humuuliza kiongozi wa mashtaka kama anapinga. Akipinga, anatarajiwa kuleta hati ya kiapo ya afisa mpelelezi inayotaja sababu na ushahidi wa kila sababu. Hapo ndipo utetezi hujibu, tena unajibu kile kilichosemwa. Kama binti angesubiri kujibu, nusu ya dakika zake zisingemwagika.

Sasa nije kwenye hoja zenyewe, maana ndizo zilizonifanya niandike.

Swali la dhamana ni moja: huyu mtu akiachiliwa leo, atarudi siku ya kesi, na kesi ataikuta haijaharibiwa? Ni swali juu ya kesho. Pande zote mbili zilitumia muda mwingi juu ya jana. Kiongozi wa mashtaka alitusimulia kile kisu kwa ufundi mkubwa, mpaka mama mmoja akajishika kiganja. Utetezi ukajibu kwamba kichochoro kilikuwa na giza, kwamba jirani hangeweza kumtambua mtu. Yote hayo ni ya kesi yenyewe. Nguvu ya ushahidi ina nafasi yake katika dhamana, na kifungu cha 123A kinaitaja, lakini inaingia kwa njia moja tu: ushahidi ukiwa mzito na adhabu kubwa, kishawishi cha kukimbia hukua. Ukubwa wa kosa peke yake haujawa sababu. Kungekuwa hivyo, Katiba isingehangaika kulifungua shtaka hili.

Hapo katikati mwa giza na kisu, karatasi ya pili ya faili ilikuwa imelala na dhahabu yake. Siku nane! Jirani alimtaja kijana kwa jina usiku uleule, mtaa mzima ukajua asubuhi, na kijana akaendelea kulala kitanda kilekile kwa bibi yake, siku nane, mpaka polisi wakaja kumwamsha. Mtu wa kukimbia alikuwa na wiki nzima na siku juu yake. Ule ndio ushahidi bora wa kesho uliokuwamo kwenye faili, kwa sababu hautegemei machozi ya mtu wala tabia njema ya kusimuliwa. Binti hakuugusa.

Wala kiongozi wa mashtaka hakuugusa, naye alikuwa na jibu lake. Angeweza kusema hivi: wakati ule kijana alidhani mambo yatazungumzwa kimtaa, wazee wakae, simu irudishwe, yaishe. Sasa amesomewa shtaka, amesikia neno kifo kwa masikio yake, na mwenzake hajaonekana mpaka leo. Yule wa siku nane na huyu wa leo si mtu mmoja. Hiyo ingekuwa hoja ya kweli, na mbele yake hakimu angekuwa na kazi ya kweli ya kupima. Badala yake tulipewa mjomba wa Tanga.

Mjomba wa Tanga ndiye aliyefanya ukumbi ucheke. Mashtaka yalidai kijana ana mjomba ng'ambo ya mpaka, basi atavuka Lunga Lunga apotee. Bwana, hebu tutazamane. Nyumba gani ya Bondeni haina mtu Tanga, au Pemba, au Unguja? Kama jamaa ng'ambo ni sababu nzito, Mji wa Kale wote hauna dhamana. Binti alisema karibu hivyohivyo, watu wakacheka, naye akakaa chini. Lakini kicheko hakijibu hofu ya hakimu, huificha tu. Alitakiwa aweke kitu mezani: kijana hana pasipoti, na akiwa nayo ataikabidhi mahakamani, ataripoti kituo cha polisi kila Jumatatu, hatatoka nje ya kaunti bila ruhusa. Kila hofu ya mashtaka huulizwa swali moja: je, kuna sharti la kuituliza? Likiwapo, sababu hiyo haijafika uzito wa kumfunga mtu ambaye bado hajahukumiwa.

Swali hilo lingemsaidia zaidi kwenye hoja ya shahidi, ambayo ndiyo iliyokuwa silaha kali ya mashtaka. Mlalamishi anakaa vichochoro viwili kutoka kwa bibi. Wanachota maji sehemu moja. Mtu wa Bondeni hahitaji kuambiwa maana yake: hakuna haja ya vitisho, inatosha shangazi kupita mlangoni asubuhi na sahani ya mahamri na kusema, "Mwanangu, haya mambo si tuyamalize wenyewe?" Kiongozi wa mashtaka aliyaona haya, akayasema kwa Kiswahili safi, na huo ulikuwa wakati bora wa jioni nzima. Ila aliishia kwenye ujirani. Ujirani ni mahali tu. Ili uwe sababu nzito unahitaji tukio: nani alikwenda kwa shahidi, siku gani, alisema nini, na je, shahidi aliliandikisha kituoni kwenye kitabu cha matukio. Faili halikuwa na tukio kama hilo. Mwanasheria mzuri angelikiri pengo hilo, kisha aombe masharti makali badala ya kunyimwa kwa dhamana. Na mwanasheria mzuri wa upande wa pili angemwahi: kijana atahamia kwa shangazi yake Changamwe mpaka shahidi amalize kutoa ushahidi, hatakanyaga Bondeni, hatampigia mlalamishi simu wala kumtuma mtu, na shahidi huyo asikizwe wa kwanza. Shangazi wa Changamwe yumo kwenye faili, ukurasa wa tatu.

Nimesema Kiswahili safi, na hapa nina lawama moja kwa wote wawili. Mahakama za chini za Kenya zinaendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili, sheria inaruhusu waziwazi, kwa hiyo uamuzi wa kuigiza kwa Kiswahili haukuwa pambo. Lakini kila hoja ilipogusa sheria walirukia Kiingereza, na kila ilipogusa bibi mgonjwa walirudi Kiswahili. Matokeo yake wasikilizaji wa Bondeni walipata machozi kwa lugha yao na sheria kwa lugha ya watu. Inasikitisha kwa sababu pale walipothubutu walifanikiwa. Kiongozi wa mashtaka alijaribu "sababu za kulazimisha", ikasikika kama mtu anashikwa mkono kwa nguvu. Binti akachukua "sababu nzito", akamgeukia hakimu akauliza, "Nzito kwa mizani ya nani?" Swali hilo lina sheria yote ndani yake. Mahakama Kuu ya Bungoma ilisema mwaka 2012 kwamba sababu yenyewe iwe na nguvu ya kumshawishi hakimu kwelikweli, isiwe wasiwasi tu. Mizani ni ya hakimu, na kitu cha kupimwa huletwa na mashtaka. Angeyamalizia hayo kwa lugha aliyoanzia, ningempa jioni yote.

Basi hakimu, ambaye alikuwa wakili wa miaka mingi aliyekubali kukaa kiti kile, akaamua. Sababu nzito hazijathibitishwa, alisema. Dhamana imekubaliwa: bondi ya shilingi 500,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hichohicho. Makofi.

Wakati watu wanapiga makofi, bibi mmoja aliyekaa safu ya nyuma yangu aliuliza kwa sauti, bila kumlenga mtu, "Na hiyo hati yatoka wapi? Nyumba yetu, mchanga wa mwenyewe." Mwanafunzi mmoja aliyekuwa karibu alimwambia kwa adabu, "Bibi, hapo kesi ishakwisha." Bibi akamtazama. "Imekwisha kwako, mwanangu."

Ukosoaji wote ninaotaka kuufanya umo katika maneno ya bibi huyo. Tuyafuate polepole. Bondi si pesa ya kulipa leo. Ni ahadi: mshtakiwa asipotokea, mdhamini atalipa shilingi 500,000. Ili ahadi iaminike, mdhamini huonyesha mali, na mali inayokubaliwa kwa urahisi ni hati ya ardhi au kitabu cha gari. Kwa ardhi, mahakama hutaka hati halisi, ripoti ya thamani, na karatasi ya msako kutoka ofisi ya ardhi kuonyesha kwamba kiwanja ni cha mdhamini na hakina deni. Kila karatasi ina ada yake na foleni yake.

Sasa mletee karani nyumba ya Kiswahili ya kisiwa cha Mombasa. Nyingi zake ni za wenyewe, zimejengwa na babu zao, lakini zimesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Tunaziita nyumba bila ardhi, na utaratibu huu una umri kuliko sisi sote. Mwenye nyumba anaweza kuiuza, kuirithisha, kuipangisha vyumba sita, lakini hati ya ardhi hana na hatakuwa nayo. Nyingine zimesimama juu ya wakfu. Nyingine zina hati kweli, ila kwa jina la babu aliyefariki, mirathi haijagawanywa, na warithi kumi na moja wametawanyika mpaka Muscat. Yaani mtu anaweza kuwa na mizizi ya vizazi vitano Bondeni, mizizi ileile ambayo wakili ameitumia kuonyesha kwamba hatakimbia, na mbele ya dirisha la karani asiwe na kitu. Mwenye shamba la ekari moja na hati yake, ambaye hakuna anayemjua mtaani, anapita.

Kwa kijana wetu, 500,000 ni siku 714 za kazi, asile wala asipande matatu. Hakimu hakuwa mkatili, hakuambiwa. Kifungu cha 123(2) kinasema kiasi kizingatie mazingira ya kesi na kisipite kadiri, na Katiba yenyewe inataka masharti ya kadiri. Lakini kadiri hupimwa kwa taarifa, na utetezi ulikaa chini bila kusema neno moja juu ya kiasi wala mdhamini. Dakika tatu zingetosha: mapato yake ni haya, nyumba ya bibi haina hati kwa sababu hii, tunaomba badala yake dhamana ya pesa taslimu ya kiasi ambacho jamaa wanaweza kuchangishana, au wadhamini wawili wenye ajira, mmoja mwalimu na mmoja mfanyakazi wa bandari, na karatasi zao za mshahara tumekuja nazo, na wenyewe wamekaa pale nyuma.

Hakimu naye angeweza kuuliza. Mwongozo wa sera ya dhamana uliotolewa na Mahakama mwaka 2015 unampa njia: kabla ya kuamua, aagize ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa huenda mtaani, anakaa na jamaa, anamsikiliza mzee wa mtaa na mlalamishi pia, kisha anaandika anachokikuta. Afisa yeyote ambaye angekanyaga kwa yule bibi angerudi na habari ya mchanga wa mwenyewe siku hiyohiyo. Igizo liliiruka hatua hii ili kuokoa muda, na muda uliookolewa ni jioni moja.

Kosa la namna hii lina dawa, na mwanafunzi wa sheria aijue. Masharti yakimshinda mtu, wakili hurudi mbele ya hakimu yuleyule kuomba yapunguzwe, au huenda Mahakama Kuu, ambayo chini ya kifungu cha 123(3) inaweza kuagiza kiasi kishushwe. Ila kila ombi lina tarehe yake, na tarehe huhesabiwa kwa wiki. Magunia ya Marikiti hayamngoji mtu.

Sisemi wanafunzi walishindwa. Walimfanya mtu wa kawaida aelewe kwamba shtaka la kifo lina dhamana na kwamba mashtaka ndiyo yenye mzigo wa kuipinga, na hilo si dogo katika mtaa ambao mtu akichukuliwa na polisi watu husema "ameshakwenda". Lakini waliandika mchezo unaokwisha kwa neno "imekubaliwa", kwa sababu neno hilo linafaa kwa makofi. Nimeambiwa wataigiza tena. Ningependa igizo lijalo lianze pale hili lilipoishia: asubuhi ya pili, dirishani kwa karani, bibi ana barua ya mzee wa mtaa, risiti za kodi ya kiwanja za miaka thelathini na kitambulisho chake mkononi. Karani anauliza hati. Sasa wakili asimame aseme.